Akiba ya uthaminishaji si pesa ya kugawa

Kampuni ikithaminisha upya ardhi na majengo yake, mkutano mkuu wa mwaka huo haukosi swali moja. Mwanahisa anafungua kitabu cha hesabu, anafika kwenye mizania, na upande wa mtaji anaona mstari ambao mwaka jana haukuwapo: akiba ya uthaminishaji, shilingi milioni 97.5. Anasimama. "Bwana Mwenyekiti, gawio mnatuambia hakuna. Hii milioni 97 ni ya nani, na iko benki gani?" Ukumbi unapiga makofi. Mwenyekiti anampisha mkurugenzi wa fedha, naye anajibu kwa lugha ya viwango vya uhasibu mpaka watu wanachoka, na swali linabaki pale pale.

Nimekaa upande wa meza ya wahasibu katika mikutano ya namna hii, na ninawaelewa wanaopiga makofi. Wanachoamini si upuuzi. Ardhi imepanda bei kweli, mthamini amethibitisha, mkaguzi ametia sahihi, na kiasi kimeandikwa kwenye safu moja na mtaji waliochanga wenyewe. Ni haki yao kudhani kwamba kampuni imeweka kitu pembeni. Na si wao peke yao. Hata watu wa fedha utawasikia wakisema kampuni "imeimarika" kwa sababu mtaji wake umekaribia kuongezeka maradufu. Naona rai zote mbili zimekosea kwa sababu moja: zinaichukua akiba hii kama kitu kilichoingia. Hakuna kilichoingia. Ukiifuata akiba hiyo miaka miwili au mitatu mbele, utaona kwamba haimwongezei mwanahisa hata shilingi moja ya kugawiwa mpaka mali yenyewe iuzwe, na kwamba katika kipindi hicho faida inayotangazwa kila mwaka inapungua.

Tuchukue mfano niliouunda kwa tarakimu nyepesi. Kampuni ina godauni Changamwe, Mombasa, kwenye kiwanja cha umiliki huru. Mwisho wa 2013 ilinunua kiwanja kwa shilingi milioni 40 na jengo kwa milioni 60. Jengo lilikadiriwa kudumu miaka 40, kwa hiyo kila mwaka milioni 1.5 zinakatwa kama uchakavu. Kiwanja hakichakai, nacho kinabaki milioni 40. Kufikia mwisho wa 2023 jengo limeshakatwa milioni 15 na limebaki milioni 45 vitabuni. Ukijumlisha na kiwanja, mali yote inasomeka milioni 85.

Mwaka huo bodi inaamua kuacha kusoma mali kwa bei ya kununulia na kuisoma kwa thamani ya sasa, njia ambayo Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 16 kinairuhusu. Mthamini anakuja. Kiwanja anakipima kwa kulinganisha na viwanja jirani vilivyouzwa karibuni, anafika milioni 130. Jengo analipima kwa gharama ya kulijenga upya leo, akitoa umri wake, anafika milioni 75. Jumla milioni 205. Tofauti kati ya 205 na 85 ni milioni 120, ambapo milioni 90 ni za kiwanja na milioni 30 za jengo.

Mhasibu anaandika pande mbili. Upande wa mali anaongeza milioni 120. Upande wa pili lazima aandike milioni 120 vilevile, maana daftari halifungwi kwa mguu mmoja, na anaziandika kwenye akiba ya uthaminishaji. Hazipiti kwenye faida ya mwaka. Zinaonekana chini yake, kwenye sehemu ya mapato mengine, kisha zinahamia kwenye mtaji. Akaunti ya benki haikuguswa. Stoo haikuguswa. Hakuna mteja aliyelipa wala mkopo uliopokelewa. Kilichobadilika ni kipimo cha mali ile ile, na akiba ni kumbukumbu ya ukubwa wa badiliko hilo.

Mbona basi mizania inasema milioni 97.5 na si 120? Hapa kuna hatua ambayo wanahisa wengi hawaioni, nayo inaeleza mengi. Serikali haijatoza kodi kwa ongezeko hili, kwa kuwa hakuna kilichouzwa. Lakini siku moja thamani hiyo itarudi kwa kampuni ama kwa mali kuuzwa ama kwa kutumiwa, na kodi itaandamana nayo. Viwango vinataka kodi hiyo ya mbele itengwe leo kama deni, ndiyo inayoitwa kodi iliyoahirishwa. Jengo litarejesha thamani yake kwa kutumiwa katika biashara, basi milioni 30 zinabebeshwa asilimia 30 ya kodi ya makampuni, yaani milioni 9. Kiwanja hakitumiki kikaisha, thamani yake hurudi kwa kuuzwa tu, basi milioni 90 zinabebeshwa asilimia 15, kiwango cha kodi ya faida ya mtaji nchini Kenya tangu mwanzo wa 2023. Hiyo ni milioni 13.5. Jumla milioni 22.5 zinatoka kwenye akiba na kuwa deni. Zinabaki 97.5. Kwa hiyo kabla mwanahisa hajadai fungu lake, vitabu vimekwisha kumwekea mtoza kodi lake.

Sasa twende 2024, maana kosa kubwa la rai iliyozoeleka ni kuishia siku ya uthaminishaji. Jengo linasomeka milioni 75 na limebakiwa na miaka 30. Uchakavu wa mwaka si milioni 1.5 tena, ni 2.5. Biashara haikubadilika: wateja wale wale, bei zile zile, walinzi na umeme vilevile. Kama bila uthaminishaji faida kabla ya kodi ingekuwa milioni 12, sasa ni 11. Mamlaka ya mapato haitambui uchakavu wa vitabuni. Ina mahesabu yake ya nafuu za majengo yanayotegemea gharama halisi, basi inadai kodi ile ile ya milioni 3.6. Sehemu ndogo ya lile deni la kodi iliyoahirishwa, laki 3, inafutwa kwa mwaka huo. Faida baada ya kodi, ambayo ingekuwa milioni 8.4, inatangazwa milioni 7.7.

Ndiyo kusema uthaminishaji umemla mwanahisa laki 7? Hapana, na hapa ndipo ufundi wa kiwango unapoonekana. Kiwango kinaruhusu kila mwaka kuhamisha kutoka kwenye akiba kwenda faida limbikizi kiasi kinacholingana na ule uchakavu wa ziada. Uchakavu wa ziada ni milioni 1, ukitoa kodi yake laki 3 inabaki laki 7. Laki 7 hizo zinahamishwa moja kwa moja ndani ya mtaji, bila kupita kwenye faida na hasara. Faida limbikizi inapokea milioni 7.7 za mwaka na laki 7 za uhamisho, jumla milioni 8.4. Ndicho kiasi kile kile ambacho ingepokea kama mthamini asingekanyaga Changamwe.

Ningeomba kila anayedai gawio kutoka akiba hii akae na hesabu hiyo kwa utulivu. Miaka 30 itapita, sehemu ya jengo ndani ya akiba itahamia polepole kwenye faida limbikizi, na kila mwaka itakuwa inaziba pengo lililochimbwa na uchakavu wa thamani mpya. Kinachoingia kwa mlango huu kimetoka kwa mlango ule. Mwishoni mwa safari, faida inayoweza kugawiwa ni ile ile. Sehemu ya kiwanja haitembei kabisa, kwa kuwa kiwanja hakina uchakavu. Imekaa pale ikingoja kuuzwa.

Kuna wanaosema haya ni mambo ya wahasibu, na kwamba bodi ikitaka inaweza kutangaza gawio kutoka akiba hiyo. Haiwezi. Sheria ya Makampuni ya Kenya ya 2015 inaruhusu gawio litoke kwenye faida limbikizi iliyokwisha kupatikana, baada ya kutoa hasara zilizokwisha kupatikana. Ongezeko la thamani ya kiwanja ambacho bado ni chako halijapatikana. Sababu ya sheria hiyo si ukaidi. Tuseme bodi ingegawa hizo milioni 97.5. Godauni halikatwi vipande, basi pesa zingetafutwa kwa kukopa, wanahisa wangeondoka nazo, na kampuni ingebaki na deni juu ya bei ambayo mthamini ameikadiria. Bei ikishuka kabla ya kuuza, wenye kubeba pengo ni wakopeshaji, wauzaji mali kwa mkopo na wafanyakazi. Kiwango chenyewe kinadai kampuni ieleze kwenye maelezo ya hesabu kama kuna kizuizi chochote cha kugawa akiba hiyo kwa wanahisa. Sentensi hiyo ipo kwenye kitabu kile kile anachokishika muulizaji, kwa kawaida kurasa nyingi baada ya mizania, na nadhani ingefaa wenyeviti waisome kwa sauti kabla hawajaulizwa.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni hili: ikiwa hakuna pesa, hakuna gawio na faida inapungua, kuna haja gani ya kumlipa mthamini? Hapa wanaolalamika wana haki kwa sehemu, na sitaki kuwanyang'anya. Ardhi ni yao kweli, na thamani yake wana haki ya kuijua. Mizania inayosoma kiwanja cha milioni 130 kama milioni 40 inawaficha wenye kampuni jambo zito. Uingereza ilijifunza hivyo mwaka 1953, pale mfanyabiashara Charles Clore alipoinunua J. Sears, kampuni ya viatu yenye maduka takriban 900 kwenye barabara kuu za miji. Maduka yalikuwa vitabuni kwa bei za zamani, na bei ya hisa ilifuata vitabu. Clore aliletewa habari na dalali wa majengo kwamba mali ile ina thamani kubwa kuliko inavyosomeka. Akawaendea wanahisa moja kwa moja na kununua hisa zao. Wakurugenzi walijaribu kuwazuia kwa kuahidi gawio kubwa, wakawa wamechelewa. Baadaye maduka yakauzwa na kukodiwa upya, na pesa halisi ikapatikana. Wale waliouza hisa kwa kuangalia mizania ya zamani hawakuwa na mahali pa kuiona thamani waliyoitoa.

Lakini angalia pesa ya Clore ilitoka wapi. Ilitoka kwenye kuuza maduka. Mwanahisa wa Changamwe akiamini milioni 130 zimelala bure kwenye kiwanja, swali lake halali kwa bodi ni kwa nini kampuni inaendelea kukaa pale. Je, biashara ya godauni inalipa kulingana na thamani hiyo? Je, biashara inaweza kuhamia Mariakani kwenye kiwanja nafuu, hiki kikauzwa? Hayo ni maswali juu ya mali, na yana majibu. Kudai akiba igawiwe ni kama kudai kunywa namba iliyoandikwa kwenye kipimo cha tangi.

Rai ya pili, kwamba kampuni imeimarika, naiona ya hatari zaidi kwa sababu inasemwa na watu wanaokopesha na wanaokopa. Tuseme kampuni yetu ilikuwa na mtaji wa milioni 110 na mkopo wa milioni 60. Kwa kila shilingi ya mtaji ilikuwa na deni la senti 55. Siku ya pili baada ya uthaminishaji mtaji ni milioni 207.5 na deni ni senti 29 kwa shilingi. Hakuna senti iliyorejeshwa benki. Riba ni ile ile, tarehe za malipo ni zile zile, na pesa za kulipia bado zinatoka kwenye biashara. Wakati huohuo mapato ya mtaji, yaliyokuwa asilimia 7.6, yameshuka hadi 3.7, kwa kuwa faida ndogo zaidi sasa inagawanywa kwa mtaji mkubwa zaidi. Anayetangaza uwiano wa kwanza na kuunyamazia wa pili anatumia nusu ya habari.

Wasimamizi wa mabenki wanalijua hili. Mwongozo wa Benki Kuu ya Kenya hauihesabu akiba ya uthaminishaji kabisa katika mtaji wa msingi wa benki. Unaikubali katika mtaji wa nyongeza kwa asilimia 25 tu, tena baada ya idhini ya Benki Kuu. Benki inapoikopesha kampuni yako kwa kutegemea akiba hiyo nzima, inaipa uzito ambao yenyewe haipewi.

Kwa hiyo nikishika kitabu chenye akiba iliyopanda ghafla, natafuta mambo machache kwenye maelezo ya mali. Kwanza tarehe ya uthaminishaji na sababu ya wakati huo. Kiwango hakitaki ufanywe kila mwaka pale bei zinapotulia, kinataja miaka mitatu au mitano kuwa inatosha. Lakini uthaminishaji unaokuja miezi michache kabla ya mkopo kujadiliwa upya, katika kampuni ambayo kwa miaka 20 haikuwahi kuufanya, unastahili kuulizwa. Kisha naangalia kama kundi zima limepimwa. Hairuhusiwi kuthaminisha kiwanja cha Changamwe kilichopanda na kukiacha cha Voi kilicholala, ikiwa vyote ni vya kundi moja. Tena nasoma mthamini alilinganisha na nini. Bei zinazotajwa na madalali kwenye mabango si mauzo, na viwanja vya pembeni mwa barabara kuu havifanani na vya ndani hata kama vimepakana. Mwisho natafuta tarakimu ambayo kampuni inalazimika kuitoa: mali ingesomeka kiasi gani kama ingebaki kwenye bei ya kununulia. Kwa kampuni yetu ni milioni 85. Nikiwa nazo 85 na 205 pamoja, naweza kuamua mwenyewe nitegemee ipi.

Na thamani hushuka pia. Mwaka 2019 ilipotolewa amri kwamba makontena yapakiwe kwenye reli ya kisasa mpaka Nairobi, wenye malori na maghala wa Mombasa waliandamana barabarani, wakijua godauni lisilo na makontena ni kuta tu. Mwezi wa Septemba 2022 huduma za kutoa mizigo zikarudishwa bandarini kwa tangazo la Rais. Mthamini wa 2020 na mthamini wa 2023 wangesimama kwenye kiwanja kimoja na kuona masoko mawili. Bei ikishuka, upungufu unaanza kula akiba ya mali hiyo hiyo, na ukiimaliza, unaobaki unaingia kwenye faida na hasara ya mwaka. Hauwezi kufunikwa na akiba ya jengo jingine. Kampuni iliyohesabu akiba kama nguvu inajikuta nguvu hiyo imeyeyuka bila mtu kuiba kitu.

Limebaki jambo la siku ya kuuza, ambalo huleta ugomvi kuliko yote. Tuseme mwisho wa 2025 godauni linauzwa kwa milioni 210. Vitabuni kiwanja ni milioni 130 na jengo, baada ya miaka miwili ya uchakavu mpya, ni milioni 70. Jumla 200. Taarifa ya faida na hasara itaonyesha faida ya mauzo ya milioni 10 pekee. Mwanahisa anayekumbuka kwamba mali ilinunuliwa kwa milioni 100 atasimama na kuuliza milioni nyingine zimekwenda wapi, na safari hii makofi yatakuwa makali zaidi. Ajibiwe hivi: bila uthaminishaji faida ya mauzo ingekuwa milioni 128, maana vitabu vingesoma 82. Hizo 118 zilizosalia ziliandikwa mapema. Zikitolewa kodi iliyoahirishwa ya milioni 21.9, zinabaki milioni 96.1 ndani ya akiba, ambazo sasa zinahamishwa kwenda faida limbikizi moja kwa moja, kwenye taarifa ya mabadiliko ya mtaji, ukurasa ambao wachache huufungua. Mnunuzi amelipa, kodi halisi ya mauzo inakokotolewa na kulipwa, na kinachobaki sasa ni faida iliyopatikana. Siku hiyo mwanahisa akiuliza pesa iko benki gani, mwenyekiti anapaswa kutaja benki na namba ya akaunti.